Hoteli ikizuia feza yako: karte ya debi, ya kredi na ya prepeye

Jambo wote. Somo hili ni la wachuuzi wa Lubumbashi wanaopanda ndege ya Dubai kufuata mali, ingawa hata anayeishia Ndola litamfaa. Kwenye gishe ya karte ninapofanya kazi, malalamiko ya wasafiri ni yaleyale: "Hoteli imenikata mara mbili." Mara nyingi hoteli haijakata mara mbili. Imezuia feza kwanza, halafu ikakata. Yule mwenye karte ya debi anaumia, mwenye kredi anaona plafon tu imepungua, na mwenye prepeye pengine hata chumba hapewi. Ukiufuata mfano mmoja wa hoteli mpaka mwisho, utazijua karte zote tatu.

Hatua ya 1: Jua feza inatoka wapi

Alama ya Visa ao Mastercard haikuambii kitu hapa. Hizo ni njia tu ambamo ujumbe unapita kati ya duka na benki yako. Karte ya debi inachota moja kwa moja kwenye konti yako. Ya kredi inachota feza ya benki, mpaka plafon mliyokubaliana, na wewe unalipa baadaye. Ya prepeye inachota kile tu ulichopakia mbele.

Tafuta kwenye plastiki neno DEBIT, CREDIT ao PREPAID. Usipoliona, soma mkataba, usisikilize mdomo wa aliyekuuzia. Karte nyingine inaitwa ya kredi kumbe ni debi ya kuchelewa: manunuzi yako yanajumlishwa, na mwisho wa mwezi jumla yote inatolewa kwenye konti kwa siku moja. Ile siku konti ikiwa tupu, unaingia deni na benki inahesabu riba yake.

Usifikiri unaweza kumficha mtu wa hoteli. Namba za kwanza za karte, zilizokuwa 6 zamani na sasa 8, zinaambia mashini ni benki gani na ni karte ya aina gani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kizuizi ungali nyumbani

Unapofika mapokezi, hoteli haichukui feza. Inaiuliza benki yako: "Huyu ana kiasi hiki? Basi kishikilie." Benki inajibu kwa kode ya kibali yenye herufi ao tarakimu 6, na kile kiasi kinafungwa. Bado ni chako, ila huwezi kukigusa. Kulipa kwenyewe kunakuja siku ya kutoka.

Tuchukue mfano. Chumba ni dirham 300, usiku 4, ni dirham 1,200. Hoteli inaongeza dhamana ya dirham 200 kwa kila usiku, kwa hiyo 800. Kizuizi ni dirham 2,000. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 ni dirham 3.6725, basi kizuizi ni dola 544.59. Komisyo ya benki yako tuiweke kando kwanza.

Kwenye debi yenye dola 1,200 unabaki na 655.41 za kununulia mali. Kwenye kredi yenye plafon ya 1,500, plafon inashuka mpaka 955.41, lakini konti yako ya Lubumbashi haijaguswa hata senti. Kwenye prepeye uliyopakia 500, mashini inakataa palepale, ijapokuwa bei ya chumba ni dola 326.75 tu na ulidhani umepakia ya kutosha. Hoteli nyingi, na zaidi wakodishaji wa magari, hawataki prepeye kabisa kwa dhamana, hata ikiwa imejaa. Ukiwa na hiyo tu, waandikie kabla ya kuondoka, uwaulize kama wanapokea dhamana ya mkononi.

Hatua ya 3: Mashini ikikuuliza dola ao dirham, chagua dirham

Wengi wanachagua dola kwa sababu konti yao ni ya dola. Hapo mbadilishaji ni mashini ya hoteli, kwa bei yake. Ikitumia 3.50, chumba chetu cha dirham 1,200 kinakuwa dola 342.86 badala ya 326.75. Umeacha dola 16 mezani kwa kubonyeza kidole vibaya. Hili halina tofauti kwa karte yoyote, isipokuwa kwenye prepeye hizo dola 16 zinaweza kukuangusha chini ya kiasi kinachotakiwa.

Hatua ya 4: Siku ya kutoka, usiondoke bila kusoma karatasi

Hapa ndipo malalamiko yote yanapozaliwa. Mtu wa mapokezi ana njia mbili. Ya kwanza ni kukamilisha kibali kilekile cha siku ya kufika: anaingiza dirham 1,200, benki inachukua dola 326.75, na iliyobaki inaachiliwa. Ya pili ni ya mvivu: anaanza malipo mapya kana kwamba hujawahi kupitisha karte. Sasa benki inaona vitu viwili, kizuizi cha 544.59 na malipo ya 326.75. Jumla 871.34 haziguswi. Kati ya dola 1,200 umebaki na 328.66, na ukienda Deira kulipa vitambaa vya dola 600, karte inakataliwa mbele ya muuzaji.

Utajuaje? Karatasi ya kufika imeandikwa PRE-AUTH na ina kode ya kibali. Karatasi ya kutoka iandikwe COMPLETION, mara nyingi na kode ileile. Ukiona SALE na kode mpya, simama hapohapo kwenye mapokezi na uwaombe wafute kile kizuizi cha kwanza, wakupe karatasi ya kufuta. Wanaweza, ni kazi ya dakika chache. Ukishapanda ndege, unakuwa mtu wa barua pepe tu.

Maoni yangu: kama una karte mbili, dhamana ya hoteli iweke kwenye kredi, hata ukilipa chumba kwa debi ao mkononi. Feza ya mali isikae mahali ambapo mgeni anaweza kuishikilia.

Hatua ya 5: Ukirudi, soma releve

Kizuizi hakionekani kwenye releve kama malipo, kinaonekana kama tofauti kati ya feza iliyopo na feza unayoweza kutumia. Angalia hizo mbili. Na kama umeona malipo usiyoyajua, andika pingamizi kwa benki mapema. Kwa kesi nyingi, kanuni za Visa na Mastercard zinaipa benki siku 120 kurudisha malipo nyuma, lakini mkataba wako unaweza kukupa muda mfupi zaidi, na huo ndio unaokubana wewe. Katika siku hizo za kungojea, mwenye debi anaishi bila feza yake. Mwenye kredi anabishana juu ya feza ya benki, mradi apinge kabla ya tarehe ya kulipa.

Maswali ya wanachama

Mama wa Kamalondo: Aksanti yaya. Mimi hoteli walisema wamefuta, lakini benki inasema bado. Nani anadanganya?

Pengine hakuna, mama. Kizuizi kinakaa kwenye mashini ya benki yako, na ujumbe wa kufuta usipofika, benki inangoja muda wake uishe. Kwa hoteli muda huo unaweza kufika siku 30. Peleka kwenye ajansi ile karatasi ya kufuta, ao barua ya hoteli yenye kode ya kibali, tarehe na kiasi. Kwa hiyo kode wanakipata na wanaweza kukiondoa kwa mkono. Bila kode wanatafuta gizani, na watakuambia urudi wiki ijayo.

Ndugu wa Goma: Benki zetu zilifunga milango Januari 2025. Karte yangu ya debi imekufa?

Hapana, ndugu. Konti yako haikai ndani ya jengo la Goma. Mashini ya Gisenyi ao duka la mtandaoni inauliza makao ya benki, na benki ikijibu, unalipwa, pamoja na komisyo ya kutoa feza inchi ya kigeni. Hatari yako ni nyingine: huna ajansi ya karibu. Ukikosea kode ya siri mara tatu, karte inafungwa na hakuna gishe ya kuifungulia. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Ile simu inayopokea kode za SMS isikatike. Na kama ni prepeye, hakikisha unaweza kuipakia kwa simu, maana ile inayopakiwa gishe tu itakuishia mkononi.

Kijana wa Kadutu, Bukavu: Mie nanunua vitu mtandaoni, vidogovidogo. Nitumie ipi?

Prepeye, kijana, na upakie kiasi cha ununuzi wenyewe. Namba ikiibwa, mwizi anakuta dola 7. Kwa debi ya konti ambamo mshahara unaingia, anakuta mshahara. Lakini prepeye ina mtego wake. Duka likikurudishia feza, inarudi kwenye karte ileile. Ukiwa umeitupa ao muda wake umekwisha, utahangaika kuipata. Na uliyonunua bila kuandikishwa kwa jina lako, ikipotea, hakuna wa kukurudishia kilichomo. Soma pia komisyo ya kupakia na ya kila mwezi: karte iliyosahauliwa na dola 10 ndani inaweza kuliwa yote polepole.

Papa wa Katuba: Debi ikiniishia Dubai, nitoe cash na karte ya kredi?

Unaweza, papa, lakini hiyo ndiyo njia ya ghali kuliko zote. Ununuzi dukani kwa kredi kwa kawaida una siku za kungojea bila riba. Cash haina: riba inaanza siku ileile. Tuseme mkataba wako unasema komisyo 4% na riba 2% kwa mwezi. Unatoa dola 400: komisyo 16. Unalipa baada ya siku 40: riba 10.67. Umelipia 26.67 ili kushika dola 400. Heri umlipe muuzaji mwenyewe kwa kupitisha ile karte, hata akiongeza kidogo kwenye bei, kisha ulinganishe nyongeza yake na hizo 26.67.

Papa wa Katuba: Na muuzaji akisema karte inapitishwa chumba cha nyuma, nimwandikie kode ya siri?

Hapana kabisa. Malipo yaliyopita kwa chipu na kode sahihi, benki inayahesabu kuwa ni yako, na pingamizi lako litakuwa gumu sana, kwa karte zote tatu. Mashini ije kwako. Kama haiwezi kuja, nenda wewe mwenyewe na karte yako huko nyuma.