Tovuti au ukurasa wa Facebook tu? Anza kwa kuhesabu wateja waliokuponyoka

Nawajengea watu tovuti hapa Nairobi, na wengi wanaonijia nawarudisha nyumbani kwanza na kazi ya daftari. Nitaeleza kazi hiyo kwa mfano wa mama mmoja wa Donholm anayepuliza dawa ya kunguni na mende. Alikuwa na ukurasa wa Facebook na WhatsApp Business, na alitaka kujua kama pesa ya tovuti itarudi.

Hatua ya 1: Orodhesha wateja 30 wa mwisho waliolipa. Fungua taarifa ya M-Pesa na WhatsApp, kisha kando ya kila jina andika alikujuaje. Usikisie; mpigie umuulize. Yeye alipata 17 walioelekezwa na jirani au ndugu, 9 waliomwona kwenye Google Maps, na 4 tu wa Facebook, ingawa alikuwa akiposti kila siku.

Sababu iko wazi ukiifikiria. Gauni mtu hulipenda akiliona, hata kama hakuwa na haja nalo asubuhi ile, kwa hiyo muuza nguo anaishi kwa picha. Kunguni hakuna anayewafuatilia mtandaoni. Siku wakiingia kitandani ndipo mtu anaandika `fumigation Donholm` kwenye Google. Jiulize basi: wateja wako wanakuona au wanakutafuta? Wakiwa wa kukuona, baki na ukurasa wako na uuimarishe.

Hatua ya 2: Hesabu waliouliza wasinunue. Hapa ndipo penye jibu, na ndipo watu wengi hawaangalii. Rudi nyuma miezi mitatu kwenye WhatsApp, usome ujumbe wa mwisho kabla mteja hajanyamaza.

Wengi wa huyu mama walinyamaza baada ya kutajiwa bei. Tovuti haiwezi kutibu hilo. Lakini watano walikuwa tofauti: shule mbili, ofisi mbili na meneja wa jengo la kupangisha. Wote waliomba karibu kitu kimoja: "Tutumie wasifu wa kampuni, leseni na kazi mlizowahi kufanya." Yeye aliwatumia picha ya leseni ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za kuua wadudu, aliyoipiga mezani, kikombe cha chai kikionekana pembeni. Leseni ilikuwa halali kabisa. Ila karani wa manunuzi lazima apeleke kitu kwa mkubwa wake, na picha ile haipelekeki.

Kama walioponyoka waliuliza tu bei, rangi, saizi na mahali ulipo, katalogi ya WhatsApp Business inatosha, tena ni ya bure.

Hatua ya 3: Kamilisha Google Maps kwanza. Weka saa za kazi, namba inayopokelewa, picha za kazi halisi, na uwaombe wateja walioridhika waandike maoni. Subiri miezi miwili. Biashara nyingi za mtaani huishia hapa na hazipungukiwi na kitu. Usisahau tu kwamba huo ni uwanja wa mtu mwingine: Google iliwahi kutoa tovuti ndogo za bure kupitia huduma hiyo hiyo, na Machi 2024 ikazifunga.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa faida, si kwa mauzo. Tulikadiria shilingi 25,000 mwaka wa kwanza kwa jina la tovuti linaloishia na .co.ke, nafasi kwenye seva na ujenzi wa kurasa nne, kisha kama 6,000 kila mwaka. Shule moja inayopulizwa kila muhula ingemwachia faida ya 8,000 kwa mara, yaani 24,000 kwa mwaka. Mteja mmoja wa aina hiyo karibu amalize deni. Muuza nguo anayepata faida ya 300 kwa gauni angehitaji kuuza magauni 84 ya ziada, tena kwa wateja ambao wasingempata kwa njia nyingine. Huyo nisingemjengea.

Hatua ya 5: Ukiamua kujenga, jina la tovuti liandikishwe kwako. Miaka ya nyuma, kabla sijajifunza kazi hii, fundi aliandikisha jina la duka letu kwa barua pepe yake. Alipobadilisha namba, taarifa za kulipia mwaka mpya hazikutufikia, jina likaisha muda, na barua pepe zetu zote zikakatika nalo. Kwa hiyo fungua akaunti mwenyewe kwa msajili wa majina, kwa barua pepe yako binafsi, isiyotegemea jina hilo hilo unaloandikisha. Lipa kwa M-Pesa yako, kisha umpe fundi ruhusa ya kuingia.

Mama wa Donholm alijenga kurasa nne: huduma, leseni na vyeti, kazi zilizofanyika, na mawasiliano yenye barua pepe ya jina lake la biashara. Kiungo cha ukurasa wa leseni ndicho anachotuma sasa shule ikiuliza. Facebook anaposti mara moja kwa wiki.