Kubadilisha ERP kwenye kampuni tanzu kadhaa: chora hali ya mpito kwanza

ERP ni mfumo unaoendesha hesabu na shughuli za kampuni. Ukiubadilisha kwa ADM ya TOGAF, mbinu ya kusanifu mifumo kwa hatua zenye herufi, usiizungushe upya kwa kila kampuni tanzu. Pitisha Hatua A hadi D, kuanzia dira hadi teknolojia, mara moja kwa kundi zima, kisha gawanya kazi kwenye Hatua E, ile ya kupanga utekelezaji. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika, kwa sababu watu huchora mfumo wa sasa na ule wa mwisho tu, wakasahau miezi ambayo yote miwili itaishi pamoja.

Chukua kundi lenye kampuni Kenya, Tanzania na Uganda. Uganda ikihama kwanza, itakuwa na msimbo mpya wa hesabu huku Nairobi ikibaki na wa zamani. Nairobi ikiiuzia Kampala bidhaa, deni upande mmoja na dai upande wa pili havitaonana. Kwa hiyo kila usanifu wa mpito utaje mambo matatu: nani yuko mfumo gani, jedwali la kuoanisha misimbo linamilikiwa na nani, na hesabu za kundi zinaunganishwa wapi. Dalili ya kukosea ni salio la miamala kati ya kampuni za kundi lisilofika sifuri kila mwisho wa mwezi, wahasibu wakiliziba kwa mkono.

Viunganishi na mifumo ya serikali ya risiti na ankara za kodi viwe vya kila nchi tangu Hatua C, ile ya data na programu: eTIMS Kenya, VFD Tanzania, EFRIS Uganda. Kuvilazimisha viwe kimoja ni kujitafutia kazi. Na usiwashe mfumo mpya kabla jedwali halijajaribiwa kwa miamala ya mwezi mzima uliokwisha kufungwa.