Namna ya kudai salio lililolala kwenye akaunti ya zamani ya kubeti, Kenya

Novemba 2025 shemeji yangu, fundi wa magari Nakuru, alinipa simu yake akitaka nimsaidie kutoa hela kwenye akaunti ya kubeti aliyoiacha miaka mitatu nyuma. Alikumbuka vizuri kwamba aliacha shilingi 7,300, lakini skrini ilionyesha 1,300. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kutoa, achukue hicho kilichobaki na asahau mengine. Nilimzuia, na ilikuwa bahati, kwa sababu angebonyeza angezipoteza hata hizo. Nimeandika hapa njia tuliyopita, na mahali palipotuchelewesha nimepaeleza kwa kirefu.

Hatua ya 1: Jua unayemdai ni nani

Teremka hadi chini kabisa ya ukurasa wa tovuti usome jina la kampuni na namba ya leseni. Usitegemee jina la biashara peke yake. Mwaka 2019 leseni za kampuni 27 hazikuhuishwa na namba zao za Paybill zikafungwa. SportPesa ilifunga shughuli zake mwaka huo, kisha jina lilelile likarudi 2020 chini ya kampuni nyingine iitwayo Milestone Games. Kwa hiyo kama salio lako ni la zamani, linganisha jina la kampuni lililoko sasa na lile la wakati ule. Tovuti ya `web.archive.org` huhifadhi kurasa za zamani. Weka anwani ya tovuti ya kubeti uchague mwaka. Ukiwa huko, hifadhi pia ukurasa wa masharti na vigezo. Utauhitaji kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Ingia, piga picha, usiguse kitu

Piga picha ya skrini ya salio na ya historia ya miamala, tarehe na saa zikionekana. Angalia kama salio limegawanywa: hela halisi upande mmoja, bonasi upande mwingine. Bonasi usiihesabu, mara nyingi muda wake umeshaisha.

Usiweke hata shilingi kumi "kuamsha" akaunti. Kwenye masharti mengine kuingia tu kunatosha kusimamisha ada ambayo kampuni hukata kwenye akaunti iliyolala, na unachoweka leo kinakatwa ushuru wa asilimia 5 kikiingia.

Hatua ya 3: Namba ya simu, kabla ya kubonyeza kutoa

Hapa ndipo tulipotumia siku tisa.

Akaunti za kubeti za Kenya zimefungwa kwenye namba ya simu. Namba hiyo ndiyo jina lako la kuingilia, na hela ukizitoa huenda kwenye M-PESA ya namba hiyohiyo, si nyingine. Shemeji alikuwa ameingia kwa namba ya zamani na nywila aliyoikumbuka, kwa hiyo kila kitu kilionekana sawa. Lakini laini yenyewe aliiacha zamani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba huuzwa kwa mtu mwingine. Tuliipigia, akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole ambaye hakujua lolote. Shemeji angebonyeza kutoa, zile 1,300 zingeingia kwenye simu ya mama yule, na kampuni ingekuwa imemaliza wajibu wake.

Kwa hiyo piga ile namba kwanza, hata kama una uhakika. Ikipokelewa na mtu mwingine, usimtume akusomee tarakimu za kuthibitisha zinazokuja kwa ujumbe mfupi. Ukimwomba hivyo utafanana na tapeli, na huenda ukaripotiwa.

Badala yake andikia huduma kwa wateja uombe namba ibadilishwe. Mimi sipendi kabisa gumzo la tovuti kwa kazi hii. Kila anayejibu ni mtu mwingine, unaanza upya, na ukifunga dirisha mazungumzo yanapotea. Tumia barua pepe, ujumbe mmoja wenye mada moja, na ujibu kwenye mlolongo huohuo mpaka mwisho. Ambatisha kitambulisho pande zote mbili, picha yako ukikishika, na ushahidi kwamba namba ya zamani ilikuwa yako.

Huo ushahidi wa mwisho ndio uliotusumbua. Walikataa kitambulisho peke yake mara mbili. Walichokubali ni namba za miamala ya M-PESA za siku alizoweka hela. Laini ilikuwa imekwenda, lakini simu ya zamani ilikuwa bado kwenye droo, na ujumbe wa M-PESA ulikuwa umebaki ndani yake. Kama ujumbe ni mwingi, namba ya muamala yenyewe inakuonyesha tarehe. Herufi ya kwanza ni mwaka: P ni 2021, Q ni 2022, R ni 2023. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba. Ya tatu ni siku, 1 hadi 9, halafu A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea. Kwa hiyo namba inayoanza na `QK6` ni ya tarehe 6 Novemba 2022. Tuliwatumia tatu, zikalingana na kumbukumbu zao, wakabadilisha namba siku iliyofuata.

Kama huna simu ya zamani, tafuta taarifa ya M-PESA uliyowahi kutumiwa kwa barua pepe, labda ulipoomba mkopo. Na kama jina kwenye akaunti si lako, kwa mfano ulitumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu, basi ni yeye anayepaswa kuandika.

Hatua ya 4: Omba daftari zima la akaunti

Watu wengi huandika, "Nirudishieni hela zangu." Jibu huwa ni aya moja iliyonakiliwa kutoka kwenye masharti. Omba kumbukumbu kwanza, hela baadaye.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kupata taarifa zako binafsi zinazoshikiliwa na kampuni, na kanuni za 2021 zinaitaka ijibu ndani ya siku 7 bila malipo. Salio, makato na tarehe za kuingia ni taarifa zako. Tuliandika hivi:

> Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba taarifa zote za akaunti yangu: kila muamala tangu ilipofunguliwa, kila ada iliyokatwa na tarehe yake, tarehe zote nilizoingia, na nakala ya kila notisi niliyotumiwa kuhusu akaunti kulala, ikionyesha ilitumwa wapi na lini.

Maneno ya mwisho, kuhusu notisi, usiyaache. Siku 7 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sisi tulijibiwa siku ya sita, faili moja ya jedwali yenye kila kitu.

Hatua ya 5: Pitia ada moja moja

Fungua masharti yaliyokuwepo wakati wa makato, ukitumia ile nakala ya `web.archive.org`. Tafuta mambo matatu: akaunti inahesabiwa imelala baada ya muda gani na kwa kukosa kitendo gani, ada ni kiasi gani, na notisi gani lazima itolewe kabla. Soma neno kwa neno. Masharti mengine husema "bila kubeti," mengine "bila kuingia au kubeti," na tofauti hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Masharti ya shemeji yalisema miezi 12 bila kuingia au kubeti, kisha shilingi 250 kila mwezi, baada ya notisi ya siku 30. Alibeti mara ya mwisho tarehe 6 Novemba 2022, kwa hiyo akaunti ililala tarehe 6 Novemba 2023. Kuanzia Desemba 2023 wakakata kila tarehe 6, makato 24 hadi Novemba 2025. Jumla 6,000, na ndivyo 7,300 zilivyobaki 1,300.

Lakini daftari lao wenyewe lilionyesha kwamba aliingia tarehe 20 Juni 2024. Ilikuwa wakati wa Euro; anakumbuka alifungua kuangalia mechi na hakubeti. Kwa masharti yao, siku hiyo akaunti iliamka na miezi 12 ikaanza kuhesabiwa upya, hadi 20 Juni 2025. Mfumo haukusimama. Makato ya Julai 2024 hadi Juni 2025, mara 12, shilingi 3,000, hayakuwa na msingi.

Baada ya hapo akaunti ililala tena, na wakakata miezi mitano, Julai hadi Novemba 2025, shilingi 1,250. Kulala upya kulihitaji notisi mpya, na kwenye daftari haikuwepo.

Yale saba ya mwanzo, Desemba 2023 hadi Juni 2024, shilingi 1,750, yalikuwa halali. Notisi ilitumwa Novemba 2023 kwa barua pepe, na tuliikuta kwenye folda ya taka. Hatukuyadai. Nashauri ufanye vivyo hivyo: ukidai unachojua si chako, unampa afisa nafasi ya kukukatalia vyote.

Tuliandika barua ya nusu ukurasa, tarehe na hesabu tu. Wiki mbili baadaye walirudisha 4,250, salio likawa 5,550.

Hatua ya 6: Toa

Tangu Julai 2025 kila unachotoa kwenye akaunti ya kubeti kinakatwa kodi ya asilimia 5. Hapa ilikuwa 277.50, zikafika 5,272.50 kwenye M-PESA mpya. Kodi hiyo si ada ya kampuni, usiwagombanie.

Kama wanakataa au tovuti imekufa

Kampuni ikiwa na leseni, lalamika kwa msimamizi. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 imeunda Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari kurithi kazi ya bodi ya zamani, BCLB. Ambatisha daftari na hesabu yako.

Tovuti ikiwa haipo tena, tafuta kwa namba ya kitambulisho kwenye UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, kwa `*361#` au tovuti yao. Utakuta tu kile ambacho aliyekishikilia alikiwasilisha huko, na mara nyingi si salio la kubeti bali hela zilizobaki kwenye M-PESA ya laini iliyokufa. Kutafuta na kudai ni bure. Anayekupigia akisema salio lako limepatikana na utume ada kidogo ili liachiliwe, kata simu.

Hela zikishaingia, jibu kwenye mlolongo uleule wa barua pepe uombe akaunti ifungwe na wakuthibitishie kwa maandishi tarehe iliyofungwa. Shemeji alipata uthibitisho huo siku mbili baadaye.