Picha ya kamera iwe kama ya rangi za mafuta kwa GIMP: kazi kubwa iko kwenye leya ya unene

Kijana mwenye studio hapa Mwanjelwa, Mbeya, aliletewa picha ya bibi anayeuza parachichi kule Tukuyu. Familia ilitaka ichapwe kwenye kanvasi ya sentimita 30 kwa 45, ionekane imechorwa kwa rangi za mafuta. Njia tuliyotumia kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, ndiyo hii.

Hatua ya 1: Ukubwa

Weka picha kwenye ukubwa wa kuchapa kabla ya kitu kingine: pikseli 2362 kwa 3543, yaani pikseli 200 kwa inchi. Hapo milimita moja ni kama pikseli 8, kwa hiyo brashi ya milimita 5 ni pikseli 40.

Hatua ya 2: Rangi

Nakili leya, kisha `Filters > Artistic > Oilify`, `Mask Radius` kama 8. Halafu chukua `Smudge` na brashi ya `Bristles`, weka dynamics ya `Track Direction`, uvute rangi kwa kufuata umbo: shavu kwa mviringo, kitenge kwa mikunjo yake, anga kwa mlalo. Usoni tumia brashi ndogo, na macho usiyaguse. `GIMPressionist` siitumii kwenye sura ya mtu, maana inapita juu ya pua na ukuta kwa mkono uleule.

Hatua ya 3: Unene wa rangi

Hapa ndipo kijana alipokuwa amekwama. Alikuwa ameipitisha picha yenyewe kwenye `Emboss`. Kompyuta haijui rangi ni nzito wapi. Inachoona ni weupe na weusi tu. Kwa hiyo madoa meupe ya kitenge yaliinuka kama vifungo, na mistari myeusi ikazama kama mifereji, wakati kwa mchoraji vyote viwili ni rangi iliyopakwa kwenye kitambaa kilekile. Unene lazima utoke kwenye mipako ya brashi, si kwenye picha.

Fungua leya mpya, ijaze kijivu cha kati, `#808080`. Chagua kijivu cheupe zaidi kidogo na kijivu cheusi zaidi kidogo, kisha upake kwa brashi ileile ya `Bristles`, ukibadilishana rangi kwa kubonyeza `X`. Fuata mielekeo uliyoivutia rangi kwenye hatua ya 2. Ukimaliza, `Gaussian Blur` ya 1.5, ili kingo zisikwaruze.

Kabla ya `Emboss`, weka kitone cheupe laini pembeni mwa leya hiyo. Ndicho kipimo chako. Fungua `Filters > Distorts > Emboss`, chagua aina ya `Emboss`, `Depth` anza na 10, kisha zungusha `Azimuth` mpaka upande wa kitone unaong'aa uelekee kwenye mwanga wa picha. Bibi alipigwa na jua la asubuhi kutoka kushoto, basi kitone king'ae kushoto. Mwanga ukitoka chini, jicho litasoma matuta kama mashimo.

Kisha `Elevation`. Kawaida inakuja 45, na kwa namba hiyo sehemu bapa zinatoka nyeupe kuliko kijivu cha kati; ukiweka leya kwenye `Overlay`, picha nzima inapauka. Weka 30, halafu pima sehemu bapa kwa `Color Picker`: isome karibu 50%. Isipofika, sawazisha kwa `Levels`. Futa kitone kwa kukipaka kijivu hichohicho, ndipo uweke `Overlay`.

Mwisho, ongeza mask kwenye leya hiyo, uipake nyeusi hafifu penye vivuli ili unene upungue hapo. Rembrandt aliweka rangi nzito penye mwanga na nyembamba gizani, na macho yetu yanategemea hivyo. Kwa bibi, unene tuliuacha kwenye kilemba, paji la uso na maparachichi. Chini ya kidevu tuliuondoa karibu wote.

Hatua ya 4: Vanishi

Vanishi inajaza vijishimo vya uso wa rangi, mwanga hausambai ovyo, na giza linakolea. Kwa hiyo anza na `Curves`: shusha giza kidogo. Kisha `Layer > New from Visible`, `Gaussian Blur` ya 30, `Soft light`, opasiti 20.

Mng'ao wa juu ya matuta unatokana na nakala ya leya ya unene. Kwa `Levels` sogeza weusi hadi karibu 200, mpaka sehemu bapa ziwe nyeusi kabisa na vilele tu vibaki. Iweke `Screen`, opasiti 15.

Vanishi ya dammar hugeuka njano kwa miaka. Ukitaka sura ya zamani, ongeza leya ya njano ya kahawia, `Multiply`, opasiti 10, huku ukitazama kilemba. Kikiacha kuonekana cheupe, umezidisha.

`Apply Canvas` iache kama unachapa kwenye kanvasi ya kweli. Nyuzi za kuchora juu ya nyuzi za kitambaa hutoa mawimbi yasiyofutika. Kwa karatasi ya picha, itie mwishoni kabisa, `Depth` 1 au 2.