Kuua elementi za matriksi bila kupiga integrali: pariti na L_z kwenye haidrojeni, n=2

Juzi nilikuwa namsaidia mwanafunzi swali la haidrojeni ndani ya uga wa umeme, levo ya n=2, na alikuwa ameanza kupiga integrali 16 za z moja baada ya nyingine, na zile za mwanzo zote zinatoka sifuri baada ya nusu ukurasa wa hesabu. Kati ya hizo 16, 14 zinajulikana ni sifuri kabla hujashika kalamu. Naandika hapa njia ninayoitumia mimi, na nasema kabisa kwamba mtu asiguse integrali mpaka amalize hatua ya 3.

Hatua ya 1: hali na lebo zake

Hamiltoniani ya haidrojeni bila uga, H0, inakomyuti na pariti Π (ile inayogeuza r kuwa -r) na pia na L_z, yaani ukizipanga huku au kule jibu ni lilelile. Π na L_z zenyewe nazo zinakomyuti, kwa hiyo unaweza kuchagua hali zenye lebo zote kwa pamoja. Levo ya n=2 ina nne: 2s yenye pariti +1 na m=0, halafu 2p tatu zenye pariti -1 na m = -1, 0, +1. Pariti ni (-1)^l, basi.

Hatua ya 2: ihoji operata ya katikati

Uga ukielekea z, nishati inayoongezeka ni H' = eEz. Sasa kanuni za uteuzi zinatoka kwenye z, jinsi z inavyokaa na Π na L_z. H0 imekupa lebo tu, haijakuambia lolote kuhusu z.

Π inageuza z kuwa -z, kwa hiyo Π z Π = -z. Ukiibana kati ya hali a na b zenye pariti p_a na p_b unapata

```
<b|z|a> = - p_b p_a <b|z|a>
```

Kama pariti mbili ni sawa, namba inakuwa sawa na hasi yake yenyewe, kwa hiyo ni sifuri. Hapo 2s na 2s imekufa, na zote 9 za 2p na 2p zimekufa. Zimebaki 6.

L_z inakomyuti na z, maana kuzungusha kuuzunguka mhimili wa z hakuigusi z. Bana tena: (m' - m) ħ <m'|z|m> = 0, kwa hiyo kama m hazilingani ni sifuri. Zinakufa 4 nyingine, zinabaki 2, na hizo 2 ni konjugeti, moja ya nyingine. Kwa hiyo namba ya kutafuta ni moja tu: <2s|z|2p0>.

Hatua ya 3: hakikisha hali yako ina hiyo lebo kweli

Hapa ndo watu wanapoteza masaa, twende taratibu.

Utasikia mtu anasema "H0 inakomyuti na pariti, kwa hiyo wastani wa z kwenye hali yoyote ya nishati maalumu ni sifuri". Kwa 1s ni kweli, maana 1s iko peke yake kwenye nishati yake (spini tumeiweka pembeni), na Π ikiipiga haina pa kwenda isipokuwa kuirudisha yenyewe, mara +1 au -1. Lakini kwa n=2 sio kweli. Chukua (2s - 2p0)/√2. Hiyo nayo ni hali halali ya H0 yenye nishati ileile, ila Π ikiipiga inatoka (2s + 2p0)/√2, ambayo ni hali nyingine kabisa. Haina pariti, na wastani wa z pale sio sifuri. Kukomyuti kunakuahidi kwamba *unaweza* kuchagua hali zenye lebo, hakukuahidi kwamba hali uliyoshika mkononi inayo lebo hiyo.

Kipimo chake ni rahisi: ipige funksheni yako na Π kwa mkono, badilisha x, y, z kuwa hasi, uone kama inarudi yenyewe mara namba. Isiporudi, kanuni ya pariti huna ruhusa ya kuitumia kwa hali hiyo. Fanya hivyohivyo kwa L_z. Wanaopenda 2px na 2py, kama wanavyozichora wanakemia, wajue zile sio hali za L_z, ni mchanganyiko wa m=+1 na m=-1, kwa hiyo ukisema "m hazilingani" hapo huna m ya kulinganisha. Jibu bado linatoka sifuri, ila kwa sababu nyingine: kioo cha x kwenda -x hakiigusi z wala 2s lakini kinageuza alama ya 2px. Mimi kwa uga unaoelekea z natumia m siku zote, inapunguza makosa.

Sasa kwa nini 2s na 2p zina nishati moja wakati pariti zake ni tofauti? Mzunguko hauwezi kueleza, wenyewe unafunga zile 2p tatu tu kati yao. Kinachoeleza ni kiasi kingine kinachohifadhiwa kwenye nguvu ya 1/r², vekta ya Runge–Lenz, ambayo Pauli aliitumia mwaka 1926 kupata nishati za haidrojeni. Tuiite A. Inakomyuti na H0, lakini pariti inaigeuza kuwa -A, kwa hiyo A na Π hazikomyuti. Ukiona operata mbili zote zinakomyuti na H0 ila zenyewe haziivani, tegemea levo zenye hali zaidi ya moja: A_z ikipiga 2s inatoa 2p0, nishati haijabadilika, pariti imegeuka. Ikipiga 1s inatoa sifuri, ndo maana 1s imebaki peke yake.

Hatua ya 4: integrali moja iliyobaki

Sehemu ya pembe ni 1/√3. Sehemu ya r mpe kompyuta:

```python
from sympy import symbols, integrate, oo
from sympy.physics.hydrogen import R_nl
r = symbols('r', positive=True)
print(integrate(R_nl(2,0,r)*R_nl(2,1,r)*r**3, (r,0,oo)))
```

Inatoka -3√3 kwa yuniti za a0, kwa hiyo <2s|z|2p0> = -3a0. Matriksi ya 2 kwa 2 inakupa nishati +3eEa0 na -3eEa0, na zile m=±1 hazisogei. Jumla ya mabadiliko yote manne ni sifuri, kama ulalo wa matriksi unavyodai; kwako isipotoka sifuri kuna elementi umeikosea.

Hatua ya 5: angalia kilichobaki, na mpaka wake

Uga ukiwepo, Π haikomyuti tena na hamiltoniani nzima, L_z bado inakomyuti nayo. Kwa hiyo m inabaki lebo, pariti inaondoka.

Hesabu hii imechukulia 2s na 2p zina nishati moja kabisa. Kwa uga wa 10^7 V/m, 3eEa0 ni kama 1.6×10^-3 eV, na mgawanyiko mdogo wa 2p wenyewe ni kama 4.5×10^-5 eV, kwa hiyo iko sawa. Kwa 10^3 V/m unapata 1.6×10^-7 eV, ambayo ni ndogo hata kuliko tofauti ya Lamb kati ya 2s na 2p (kama 4.4×10^-6 eV), na hapo mabadiliko yanafuata E², sio E.

Ila hata uga ukiwa mdogo, pariti kuvunjika kunaonekana. 2s haiwezi kushuka 1s kwa kutoa fotoni moja ya dipoli kwa sababu pariti zao ni sawa, kwa hiyo inaishi kama sekunde 0.12, wakati 2p inaishi nanosekunde 1.6 tu. Uga ukiingiza 2p0 kidogo ndani ya 2s, njia inafunguka na maisha yake yanafupika sana. Kwa hiyo ukitaka atomu za 2s zidumu, hata uga mdogo unaozurura ndani ya kifaa uupime kwanza.