SOMO: Huduma za kuacha tu kulipia, na zile zinazoendelea kukuandikia bili ukishaondoka

Wakuu, habari za saa hizi. Kila mwisho wa mwezi hapa kuna mtu anauliza, "Nahama, je hii huduma nikiiacha tu inajifunga yenyewe?" Jibu linategemea huduma yenyewe, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja.

Hatua ya 1: Jiulize nani anaanzisha malipo ya mwezi ujao

Wengi tunagawa huduma kwa kuangalia kama unalipa kabla au baada ya kutumia. Mgawanyo huo si mbaya, ila una tundu. Zipo huduma unazolipa kabla na bado zitaendelea kukukata kila mwezi kwa sababu uliwapa ruhusa siku ya kwanza. Mimi huangalia nani anaanzisha malipo, na hapo napata makundi matatu.

Kundi la kwanza ni pale unapoanzisha wewe. Usiponunua, hakuna kinachotokea. Hapa ndipo ilipo LUKU, vocha, bando la mara moja na king'amuzi. Kundi la pili wanaanzisha wao, lakini wanachukua hela iliyopo: bando linalojirudia, huduma za meseji za kulipia (dua, michezo, miito ya simu), na programu zilizounganishwa na kadi ya benki. Kundi la tatu wanakuhudumia kwanza, kisha wanakuandikia ankara. Humo kuna bili ya maji, laini ya ofisi ya malipo ya baada, na intaneti ya faiba yenye mkataba.

Chukua karatasi uandike huduma zako zote chini ya makundi hayo. Ukikwama kwenye moja, angalia meseji ya mwisho waliyokutumia. Ikisema "kifurushi chako kimeisha, jiunge tena", hilo ni kundi la kwanza. Ikisema "umefanikiwa kujiunga tena", ni la pili. Ukiona "lipa kabla ya tarehe fulani", umo kwenye la tatu.

Hatua ya 2: Kundi la kwanza, acha tu, ila angalia unachoacha nyuma

King'amuzi ndicho chepesi kuliko vyote. Kifurushi kikiisha picha inakata, na ukirudi baada ya miezi minane unalipia mwezi mmoja unaangalia. Hakuna malimbikizo. Kumbuka tu kwamba siku za kifurushi ulicholipia zinahesabika hata ukiwa safarini, kwa hiyo usilipie juma la kuhama.

Umeme ulioingiza kwenye mita huhami nao. Kama una yuniti 60, zinabaki na nyumba. Acha kununua kwa wingi wiki mbili kabla, au elewana na anayeingia akurudishie hela.

Laini ya simu nayo haihitaji kufutwa, lakini laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kabla hujaitupa toa hela iliyomo kwenye pesa mtandao, kisha nenda benki ubadilishe namba. Ukipuuza hili, ujumbe wa benki yako utakuja kusomwa na mtu usiyemjua.

Halafu kuna mkopo wa salio. Ukikopa vocha halafu ukaacha kuongeza salio, deni halijafutika, linasubiri vocha yako ijayo. Hapo malipo ya kabla yamegeuka malipo ya baada bila wewe kuona.

Hatua ya 3: Kundi la pili, zima mrija

Hapa watu hufikiri wameacha kwa sababu salio limekuwa sifuri. Kumbe huduma bado iko hai, inasubiri. Unaweka vocha ya 1,000 upige simu moja, dakika mbili baadaye imebaki 700. Angalia meseji zao, mara nyingi mwishoni wameandika neno la kujiondoa, kama ONDOA au STOP, na namba ya kulituma. Tuma, usubiri meseji ya kuthibitisha. Isipokuja, piga huduma kwa wateja na uwaambie wakusomee huduma zote zilizounganishwa na namba yako, moja baada ya nyingine. Ukiuliza tu "kuna huduma gani?" utatajiwa moja.

Kwa zilizounganishwa na kadi, kufuta programu kwenye simu hakusitishi chochote. Ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya malipo, ufute usajili wenyewe. Kwa kawaida utaendelea kutumia hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, kwa hiyo huna sababu ya kungoja siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Kundi la tatu, funga kwa maandishi

Hapa ndipo hela zinapotea. Tuchukue mfano wa mpangaji anayehama Sinza kwenda Dodoma tarehe 10 Machi. Ana faiba ya 100,000 kwa mwezi, ankara inatoka tarehe 1 kwa mwezi uliopita, mkataba unataka notisi ya siku 30, na ruta ni mali ya kampuni, thamani yake 150,000.

Akiandika barua pepe tarehe 10 Machi, huduma inaisha tarehe 9 Aprili. Atalipa Machi 100,000, na siku tisa za Aprili 30,000. Akirudisha ruta akapewa hati, amemaliza kwa 130,000.

Akichomoa ruta, akaitia kwenye boksi na vyombo akaondoka, kampuni haijui kwamba amehama. Inachojua ni kwamba waya uko pale na mkataba uko hai. Ankara ya Machi inatoka, kisha ya Aprili. Katikati ya Mei wanakata huduma kwa kutolipwa, lakini kukatiwa huduma si kuvunja mkataba, na mikataba mingine inaendelea kuhesabu ada hata wakati umekatiwa. Mwisho wa Mei anadaiwa 300,000, na ruta 150,000 juu yake. Jumla 450,000, kwa intaneti ambayo ameitumia siku kumi.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma mkataba uone siku za notisi na kama kuna muda wa chini, maana ukiwa bado ndani ya mwaka wa kwanza kunaweza kuwa na ada ya kuvunja mapema. Andika notisi yenye jina, namba ya akaunti, anwani na tarehe unayotaka huduma iishe, na upate uthibitisho wa kupokelewa. Simu peke yake haitoshi. Yule kijana aliyekuambia "tumeshaifunga, dada" hutampata tena, na kwenye mfumo hakuna kitu. Rudisha vifaa, chukua hati yenye namba ya kifaa. Subiri ankara ya mwisho, ilipe, kisha omba barua ya kutodaiwa na uitunze.

Kwa maji, piga picha mita siku unayokabidhi funguo, namba zisomeke. Deni la maji hukaa kwenye akaunti ya ile mita, na akaunti nyingi zina jina la mwenye nyumba. Bila picha, yuniti za anayeingia na zako zinachanganyika na mtagombana bure.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, umesema LUKU ukiacha kununua hakuna deni. Mbona mimi nilifunga nyumba Kigoma mwaka mzima, nimerudi nimenunua umeme wa 20,000, nimepata yuniti za kuchekesha?

Umenibana vizuri. Umeme wenyewe hauna deni, lakini kwenye LUKU kuna abiria: kodi ya majengo. Tangu 2021 inakusanywa kupitia mita. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ghorofa hutozwa kwa kila sakafu, 7,500 kwa mwezi. Kodi hiyo haijui kama umenunua au hukununua, miezi inajilimbikiza. Miezi 12 mara 1,500 ni 18,000. Kwenye 20,000 yako imebaki 2,000, na humo kuna VAT, REA 3% na EWURA 1%. Angalia risiti, makato yako pale. Safari nyingine ukifunga nyumba, mwachie jirani hela anunue umeme kidogo kila mwezi. Hutaokoa shilingi, ila hutashtuka.

Na mimi mpangaji nimehamia nyumba iliyokaa tupu miezi sita, nikanunua umeme nikakatwa 9,000. Hiyo ni yangu?

Hapana. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, mita ndiyo haijui nani kashika simu. Mtumie risiti, mwombe kwa heshima akukate kwenye kodi ya pango. Kwa wanaoingia nyumba mpya: nunua umeme wa majaribio mbele ya mwenye nyumba kabla ya kusaini.

Laini yangu ni ya malipo ya baada, niliipata kazini. Nimeacha kazi, naipenda namba. Nikiacha kulipa itarudi ya vocha yenyewe?

Haitarudi. Itafungiwa na deni litabaki. Kwanza jua akaunti ni ya nani. Kama ni ya mwajiri, namba ni mali yake, unahitaji barua ya kukuachia. Ukiipata, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, lipa ankara iliyopo, uombe ihamishiwe malipo ya kabla kwa jina lako. Namba inabaki ile ile.

Shikamoo kaka. Mimi niko Ujerumani, narudi nyumbani Desemba. Intaneti ya nyumba wanakata benki wenyewe. Nikifunga akaunti ya benki si itaisha?

Marahaba, mdogo wangu. Usifanye hivyo kabisa. Kufunga benki kunazuia malipo, mkataba unaendelea. Watakutumia barua za madai kwenye anwani usiyokaa, gharama zinapanda, na jina lako linaweza kuchafuka kwenye rekodi za mikopo za huko. Tangu Desemba 2021 sheria yao inasema muda wa kwanza wa mkataba wa mawasiliano ukishapita, unaweza kuuvunja wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja. Kama kampuni inaruhusu watu kuingia mkataba kupitia tovuti yake, tangu Julai 2022 tovuti hiyo inapaswa kuwa na kitufe kilichoandikwa `Verträge hier kündigen`, yaani "vunja mikataba hapa", au maneno yenye maana hiyo. Bonyeza, jaza, hifadhi uthibitisho. Ukiwa bado ndani ya muda wa kwanza, waandikie kwamba unahamia mahali ambapo hawana huduma, uambatanishe uthibitisho wa kuhama. Sheria inakuruhusu kutoka kwa notisi ya mwezi. Akaunti ya benki ifunge mwisho, baada ya ankara ya mwisho kukatwa na amana zako kurudi.

Bando langu la wiki linajirudia. Nikitoa laini kwenye simu mwezi mzima, nitadaiwa wiki nne?

Hapana, hilo halikopeshi. Salio likiwepo litakatwa, lisipokuwepo bando linashindwa kujiunga na mambo yanaishia hapo. Ila kama umeacha 15,000 kwenye laini, ukirudi unaweza usiikute. Ingia kwenye menyu ya mabando usitishe kujirudia kabla hujaitoa.