SOMO: Kuomba likizo ya msiba kazini, namna ya kupanga tarehe na kukabidhi kazi

Mimi ni mtunza stoo kwenye yadi ya mbao hapa Mafinga, na ni katibu wa wafanyakazi tawini. Swali hili nimelijibu mno, mara nyingi usiku na kwa mtu anayelia. Naliandika mara moja ili liwepo, na nikipigiwa tena nitatuma hapa.

1. Toa taarifa. Mpigie msimamizi wako, kisha mwandikie ujumbe, maana simu haiachi ushahidi.

2. Jua unachodai. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakupa angalau siku 4 zenye malipo ukifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada. Mtoto wako akiugua pia unazitumia hizo hizo. Wengi hawajui kwamba siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata ukifiwa mara tatu. Zikiisha, mwajiri anaweza kukuongezea siku bila malipo, au mkubaliane ukate kwenye likizo ya mwaka.

3. Andika barua yenye tarehe kamili. "Naomba siku chache" afisa utumishi hawezi kuijaza kwenye fomu. Tuseme babu mzaa mama amefariki Jumatatu usiku, tarehe 9 Juni 2025, na mazishi ni Alhamisi huko Makete. Barua inakuwa hivi:

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MSIBA TAREHE 10 HADI 13 JUNI 2025

Nimefiwa na babu yangu mzaa mama usiku wa tarehe 9 Juni. Mazishi ni Alhamisi tarehe 12 Juni, wilayani Makete. Naomba likizo ya siku nne, kuanzia Jumanne tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 13 Juni. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 16 Juni asubuhi. Kazi zangu atazishika mwenzangu wa stoo; hati ya makabidhiano tuliyosaini nimeiambatisha.

Andika siku ya mwisho ya likizo na siku ya kuripoti, zote mbili. Ukiandika "hadi tarehe 16" peke yake, wewe utaelewa unaingia kazini siku hiyo, ofisi itaelewa bado uko likizo. Na kama kwenu Jumamosi ni siku ya kazi, tarehe 14 iombee pia, maana Ijumaa ukitoka matangani jioni kutoka Makete hadi Njombe, Makambako na kurudi huku, hiyo Jumamosi utaimalizia barabarani.

4. Makabidhiano. Hapa ndipo mimi niliumia, kwa mwajiri wangu wa zamani. Bibi yangu alifariki, nikaomba ruhusa vizuri, nikapewa. Saa kumi na mbili asubuhi nikampa mwenzangu funguo tatu kwenye kamba moja, nikamwambia "pipa la dizeli ya trekta liko pale", nikakimbilia basi. Niliporudi tukachovya kijiti cha kupimia, mafuta yakaonekana pungufu kwa lita 60 ukilinganisha na daftari. Sikuwa nimepima siku ninaondoka. Labda yalitoka kwa mwenzangu bila kuandikwa, labda daftari langu lilikuwa na kosa tangu mwanzo. Hakuna aliyeweza kujua. Wote wawili tukapewa barua za kujieleza, na urafiki wetu haukurudi kama zamani. Nilikuwa sijamaliza hata wiki tangu nimzike bibi.

Kwa hiyo, msiomboleze na deni la ofisi mgongoni. Hesabuni kwa pamoja kila kitu kinachopungua: mafuta, fedha taslimu, stakabadhi ambazo hazijatumika (andikeni namba ya kwanza na ya mwisho). Karatasi moja inatosha. Juu iwe na tarehe na saa, katikati vitu na idadi yake, chini kazi zitakazodai kushughulikiwa ukiwa haupo na siku yake. Kwa mfano: "Jumatano lori la nguzo linapakia, hati ya kutolea mzigo isainiwe na msimamizi." Wote wawili msaini na msimamizi asaini. Usikubali kumkabidhi mtu ambaye msimamizi hajamtaja. Neno la siri la kompyuta usimpe. Omba ofisi impe lake. Na piga picha karatasi hiyo kabla hujapanda gari.

Kama msiba umekushtua na huwezi kuhesabu, mwambie msimamizi afunge stoo na lakiri mbele ya mashahidi wawili, pasifunguliwe mpaka hesabu ifanyike. Ni nusu saa tu.

5. Ukirudi. Peleka uthibitisho: nakala ya kibali cha mazishi au barua ya mtendaji wa kijiji. Sheria inamruhusu mwajiri kuudai kabla ya kukulipa. Kisha hesabuni tena, saini kupokea.

---

Kijana wa Uyole: Kwa hiyo ni siku ngapi kaka?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mama Tumaini, Makambako: Pole kwa yaliyokupata. Mimi nimefiwa na baba mdogo, ndiye aliyenilea tangu darasa la pili. Ofisi inasema hayumo kwenye orodha. Ni kweli?

Mwandishi: Pole sana mama. Ni kweli, kifungu hakimtaji baba mdogo, wala mjomba, shangazi au mkwe. Lakini sheria inaweka kiwango cha chini tu. Muulize katibu wenu kama mna mkataba wa hali bora, au soma kanuni za utumishi za kampuni. Kwingine mlezi ametajwa. Kama hayumo, andika wazi kwamba ndiye aliyekulea na uombe siku za likizo ya mwaka. Nimeona ofisi nyingi zikikubali sentensi hiyo ikiwemo. Mazishi lini? Nikusaidie kuandika leo.

Mama Tumaini: Keshokutwa. Nakuandikia pembeni. Ubarikiwe.

Fundi wa Igurusi: Mimi niko msibani siku ya sita ya kazi sasa, sikuaga mtu, simu haikuwa na chaji. Wakinifukuza naweza kushtaki?

Mwandishi: Simu ya jirani ilikuwepo. Kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kukuachisha kazi. Msiba ni sababu, ila uthibitishe. Nenda kwa mtendaji sasa hivi akuandikie barua, ipige picha, itume kwa msimamizi na ueleze tarehe ya kurudi. Mengine baadaye.

Fundi wa Igurusi: Unanijibu kama mkosaji, mimi nimefiwa.

Mwandishi: Pole kwa msiba. Nakuharakisha kwa sababu kila siku inayoongezeka inakuumiza. Barua kwanza.

Mhasibu, Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Rambirambi za ofisi ziombwe kwenye barua hiyo hiyo?

Mwandishi: Hapana, barua tofauti. Ukichanganya, ile ya likizo itasubiri fedha zipitishwe, na wewe unatakiwa uwe njiani.

Mhasibu, Tukuyu: Nyongeza: kule Kitulo mtandao unakatika sana. Mimi huandika kwenye barua saa nitakayokuwa hewani, mfano saa 1 jioni, na namba ya ndugu mwenye laini nyingine.

Mwandishi: Naiongeza kwenye hatua ya 3. Asante dada.